Shajara ya mradi: wiki moja ya kushusha LDL kwenye sufuria ya watu sita, Tabata

Jumamosi, 2 Agosti 2025: karatasi ya maabara na hesabu ya nazi

Mume wangu ana miaka 46. Alipima mafuta ya damu akiwa hajala tangu usiku, na karatasi ikarudi na kolesteroli yote 6.2, HDL, ile kolesteroli nzuri, 1.1, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 1.9, zote kwa mmol/L. LDL, ile kolesteroli mbaya inayoganda kwenye mishipa, haikupimwa moja kwa moja. Ilikokotolewa, kama maabara nyingi zinavyofanya:

```
LDL = jumla − HDL − (trigliseridi ÷ 2.2)
    = 6.2 − 1.1 − 0.9
    = 4.2
```

Daktari anataka ishuke chini ya 3.0. Kwa kuwa hana kisukari, presha yake iko sawa na hajawahi kuugua moyo, tumepewa kama miezi miwili ya kujaribu chakula kabla ya kuzungumzia vidonge. Nafasi hiyo si ya kila mtu. Mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, au ambaye ndugu zake wa damu walipata shambulio la moyo wakiwa bado vijana, huenda tatizo amelirithi, na chakula peke yake hakimtoshi. Na aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa sababu amesoma shajara hii.

Nyumbani tuko sita: sisi wawili, mama mkwe wangu ambaye ni mtu wa Tanga, watoto wawili wa miaka 7 na 11, na dada anayetusaidia kazi. Mimi na mume wangu tunatoka kabla hakujapambazuka na kurudi saa mbili usiku kukiwa na foleni, kwa hiyo chakula cha jioni ni lazima kiwe kinaweza kuivishwa na mtu mmoja kwa chini ya saa moja. Hicho ndicho kipimo cha pili cha mradi, baada ya LDL.

Leo tumekaa mimi na dada tukaandika kila kilichopikwa wiki iliyopita. Nilitegemea kukuta nyama na chipsi. Badala yake karatasi ilijaa maharage, samaki, mchicha, kisamvu na matembele, vitu vilevile ambavyo afisa lishe hospitalini alituambia tule. Nikamuuliza dada kila kimoja kilipikwaje. Maharage ya nazi. Samaki wa nazi. Mchicha wa nazi. Kisamvu cha nazi, na wali wa nazi juu yake. Kisichotiwa tui kilikaangwa kwa mafuta ya mawese tunayonunua ya kupimiwa dukani. Nazi za wiki nzima zilifika kumi.

Nyama ya nazi moja ya wastani ina mafuta zaidi ya gramu 100, na karibu tisa ya kumi yake ni mafuta mgando. Tuseme kukuna na kukamua kwetu kunatoa nusu tu. Jioni ya nazi mbili, moja ya wali na moja ya mchuzi, inaweka kwenye sufuria kama gramu 100 za mafuta mgando, na tukigawana watu sita kila mmoja anapata karibu gramu 17 kwa mlo mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Bado hajanywa chai ya maziwa wala kula andazi.

Kwa nini mafuta hayo yana uzito kuliko hata kolesteroli iliyomo kwenye yai? Ini lina vipokezi vinavyoinasa LDL na kuitoa kwenye damu. Mafuta mgando yakizidi, vipokezi hivyo hupungua, na LDL hubaki ikizunguka. Maharage hufanya kazi kwa mlango mwingine. Nyuzinyuzi zake zenye utelezi huikamata nyongo utumboni na kutoka nayo chooni. Ini likikosa nyongo ya kurudishiwa hulazimika kutengeneza mpya, na malighafi yake ni kolesteroli, ambayo huichota kwenye damu. Sisi tulikuwa tunafungua mlango mmoja na kufunga mwingine ndani ya sufuria moja.

Kwa hiyo sibadilishi vyakula. Nabadilisha kinachopikiwa, na naongeza maharage mpaka yawe ya kila siku.

Jumapili, 3 Agosti: maharage yaliyogoma kuiva

Kiwango nilichokichukua ni kama gramu 130 za maharage yaliyoiva kwa mtu mzima kwa siku, ambazo ni kama gramu 55 yakiwa makavu. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kiasi hicho, kikiliwa kila siku kwa wiki kadhaa, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5. Si kikubwa, ila ni cha uhakika na ni cha bei rahisi. Kwa watu wazima wanne na watoto wawili wanaokula nusu, inakuja kilo mbili kwa wiki. Nimenunua kilo moja na nusu ya maharage na nusu kilo ya choroko kwa siku ambazo hakuna aliyekumbuka kuloweka, maana choroko huiva ndani ya dakika 40 bila kulowekwa.

Mpango ulikuwa kuchemsha maharage yote leo, kuyagawa kwenye makopo na kuyaweka kwenye friza. Tuliyaloweka jana saa mbili usiku. Leo saa nne asubuhi yakaingia jikoni, na saa nane mchana yalikuwa bado yana kiini kigumu. Maganda yalikuwa yamepasuka na mchuzi umekuwa mwekundu, lakini ukiminya moja kati ya vidole linakatika badala ya kupondeka. Gesi imekwenda, na jioni tukala wali na mayai.

Nilishuku maharage ni ya zamani. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto hugoma hivyohivyo. Utayajua kwa rangi iliyofifia na kuwa ya kahawia, na kwa kuwa yakilowekwa usiku kucha baadhi hubaki madogo na makunyanzi kama yalivyokuwa. Haya yalikuwa yamevimba yote sawasawa. Nyanya hatukutia mapema, ambayo ni sababu nyingine, kwa maana uchachu wake huzuia maharage kulainika.

Mama ndiye aliyelipata. Aliuliza, "Mwanangu, maji mliyochemshia ni yapi?" Bomba lilikuwa halitoi maji tangu Ijumaa, na dada alikuwa ametumia maji ya kisima ya jirani, yale ya chumvi tunayofulia. Maji ya visima vingi vya huku kwetu ni magumu. Madini yaliyomo, hasa kalisi, hushikamana na gundi inayounganisha kuta za seli za harage na kuifanya ikaze badala ya kuyeyuka. Ukitumia maji hayo kulowekea na kuchemshia, unayakaza maharage mara mbili.

Jioni nilichukua vikombe viwili nikavichemsha upya kwa maji ya dumu la kunywa. Yalilainika kiasi, si vizuri. Yaliyobaki nimeyasaga na kitunguu na pilipili hoho yatumike kwenye supu. Nimenunua kilo moja na nusu nyingine na kuiloweka kwa maji ya kunywa. Hasara ya siku: maharage shilingi 4,800, na gesi ambayo siwezi kuipima vizuri.

Watu husema tia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaongeza sodiamu na kuharibu sehemu ya vitamini B1, na ladha ya sabuni haijifichi. Maji laini ni suluhisho zuri zaidi.

Jumatatu, 4 Agosti: maharage yameiva, mchuzi umekataliwa

Dada ameamka mapema, amemwaga maji ya kulowekea na kuweka mapya ya kunywa. Saa moja na nusu baadaye yalikuwa yamelainika kabisa. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui na huleta kutapika. Kwa hiyo asiyetaka kusimama jikoni asiyaache yakitokota polepole tangu mwanzo. Yameingia kwenye makopo sita ya plastiki, kila moja limetosha mlo. Mawili yako kwenye jokofu na manne kwenye friza.

Jioni alipika kopo la kwanza kama tulivyokubaliana: kitunguu, nyanya, karoti, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, maji, chumvi. Hayakuliwa. Mama alionja akaweka kijiko chini taratibu. "Haya yana maji, mwanangu. Hayana mchuzi." Alikuwa sahihi. Tui linafanya kazi mbili kwenye maharage: linaleta utamu na linaleta uzito. Sisi tulikuwa tumeliondoa bila kuweka chochote mahali pake.

Usiku huohuo tulijaribu tena na kilichobaki. Kitunguu kikubwa kimoja na nusu kikakaangwa polepole mpaka kikawa cha rangi ya kahawia na kuanza kunukia utamu, si ile ya kulainika tu. Hapo kikaingia kitunguu saumu, tangawizi na kijiko cha bizari nyembamba, kisha nyanya, zikapikwa mpaka zikaacha maji na mafuta yakaonekana pembeni. Halafu upawa mzima wa maharage ukapondwa kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria na kurudishwa. Huo upawa ndio ulioleta uzito. Mchuzi ulishika ugali badala ya kuteleza. Mama alikula, akaomba ndimu. Nimeandika hivyo kwa sababu kwake kuomba ndimu ni kukubali.

Tangu leo kupika ni hivi, na kwa maharage yaliyokwisha kuchemshwa kunachukua dakika 25.

Jumanne, 5 Agosti: mchicha wa karanga, na uji

Mchicha ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu bara watu wanautia karanga siku zote. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kama kikombe kimoja cha chai kwa mafungu manne, zikikorogwa na maji ya moto kabla ya kutiwa kwenye mchicha, zinatoa mchuzi mzito ambao watoto wameusifu bila kuulizwa. Karanga nazo zina mafuta mengi, lakini sehemu kubwa si mgando. Tahadhari ni moja: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na kuzikaanga hakuiondoi. Nanunua nzima, nazichambua, ndipo zinatwangwa. Zilizokwisha kusagwa sokoni huwezi kuona zilivyokuwa.

Upande wa nafaka umenifundisha kitu. Nilikuwa nimeamini kwamba dona itashusha LDL kwa sababu haijakobolewa. Dona ni bora kuliko sembe kwa shibe, kwa choo na kwa sukari ya damu, na tumehamia huko moja kwa moja. Lakini nyuzinyuzi za mahindi nyingi ni zile kavu ambazo hazitengenezi utelezi, kwa hiyo nyongo zinaiacha ipite. Nafaka zinazoshika nyongo ni oti na shayiri, kwa sababu zina bita-glukani, ile inayofanya uji wa oti uvutike kijikoni. Inayotakiwa ni gramu 3 kwa siku, ambazo ziko kwenye kama gramu 75 za oti kavu.

Gramu 75 kwa mtu mmoja ni pakiti ya nusu kilo kwa wiki, na hiyo dukani kwetu ni shilingi 7,500. Kwa watu sita haiwezekani. Nimeamua oti ni dawa ya mwenye ugonjwa: mume wangu anakula kila asubuhi, wengine uji wa ulezi na dona. Siku ya kwanza aliisukuma bakuli, akasema ni kama kamasi. Leo nimeipika nusu kwa nusu na unga wa ulezi, na ndizi mbivu iliyopondwa ndani badala ya sukari. Amemaliza. Oti zikaingia kwanza kwenye maji, ulezi baadaye ukiwa umekorogwa na maji baridi, la sivyo unafanya mabuja.

Wanaonunua dona wajue haikai. Kiini cha hindi kimebaki ndani na kina mafuta, na kwa joto la Dar huanza kuchacha ndani ya wiki chache. Ukilamba kidogo unasikia uchungu kwa nyuma ya ulimi. Tunasaga kilo tano tano.

Jumatano, 6 Agosti: samaki, na glasi ya mafuta kwenye jokofu

Samaki wa wiki hii ni vibua. Ni wa bei nafuu, wana mafuta mazuri, na wanaiva haraka. Nilimwomba mwenzangu wa kazini anayepita Feri asubuhi aniletee kilo mbili zenye barafu. Barafu ni ya lazima kwa vibua na jodari. Wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini ambayo kupika hakuiondoi, na mlaji huwashwa na kuwa mwekundu usoni ndani ya saa moja.

Niseme wazi samaki wanafanya nini na hawafanyi nini, maana nimeona watu wengi wakiwategemea vibaya. Mafuta ya samaki hayashushi LDL. Yanashusha trigliseridi. Faida ya samaki kwenye LDL inatokana na chakula wanachochukua nafasi yake: jioni ya kibua ni jioni ambayo hakukupikwa nyama ya ng'ombe yenye mafuta wala soseji. Ukimkaanga huyo kibua ndani ya mafuta ya mawese, faida hiyo umeirudisha dukani.

Tumewapasua, tukawapaka ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, tukawachoma juu ya wavu kwa mkaa. Wakati wanachomeka dada alikuwa na bamia kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, zikiwa nzima nzima, dakika sita tu, ndimu mwishoni. Bamia za kuchemsha watoto walizikataa Jumatatu kwa sababu ya ute. Ute huohuo ndio ninaoutaka, kwa kuwa ni nyuzinyuzi za aina inayoshika nyongo. Zikikaangwa nzima ute unabaki ndani na hauonekani.

Sasa mafuta. Nilikuwa nimenunua lita tano za alizeti kutoka kwa muuzaji wa chupa barabarani, na bei yake ilikuwa nzuri mno. Jumanne usiku nilijaza glasi moja nikaiweka kwenye jokofu, pembeni nikaweka glasi ya mafuta yetu ya zamani ya mawese. Asubuhi, yale ya mawese yalikuwa meupe na mazito, ukigeuza glasi hayasogei upesi. Yale yaliyoitwa alizeti yalikuwa na tabaka jeupe limekaa chini, kama theluthi ya glasi, na juu yakiwa angavu. Alizeti halisi hubaki majimaji. Ya kukamuliwa kijijini yanaweza kupata ukungu mwepesi kwa sababu ya nta ya maganda, lakini hayatengenezi tabaka zito. Kwa hiyo niliuziwa mchanganyiko. Mafuta ya mawese karibu nusu yake ni mgando, ya alizeti ni kama sehemu moja ya kumi, na kwa nyumba inayotumia vijiko vinne vitano kila jioni tofauti hiyo ni kubwa.

Nimenunua mengine yenye lakiri, shilingi 38,000 kwa lita tano, nikayapitisha kwenye jokofu kabla ya kutumia. Yamebaki kama maji. Na kwa kuwa ni ghali, dada anapima kwa kijiko badala ya kumimina, jambo ambalo limesaidia zaidi ya nilivyotarajia.

Ijumaa, 8 Agosti: Nane Nane, nazi mezani

Leo ni sikukuu, wote tuko nyumbani, na shemeji zangu wanakuja. Mama alisema jana usiku kwamba hawezi kuwapa wanawe wali mkavu siku ya sikukuu. Tulizungumza. Nilimwonyesha hesabu ya gramu 17, akaisikiliza vizuri, akauliza swali zuri: je, ni nazi, au ni nazi ya kila siku? Ni ya kila siku. LDL hufuata wastani wa wiki na miezi. Haiamuliwi na sahani moja.

Tumepatana hivi. Nazi mbili kwa wiki badala ya kumi, siku ya Ijumaa, na zinakwenda kwenye kitu kimoja tu, anachokichagua yeye. Amechagua wali. Mchuzi wa kuku ukapikwa wa nyanya, kuku ametolewa ngozi, na kunde zikapikwa kavu. Jaribio la kutumia tui la pili peke yake, lile jepesi, na kuacha kasimile, tulilifanya kwenye sufuria ndogo: wali ulitoka na harufu ya nazi lakini bila ule ulaini, na mama hakuukubali. Siwezi kumlaumu. Nazi mbili nzima mara moja kwa wiki ni bora kuliko tui jepesi la kila siku ambalo hakuna anayelifurahia na kila mtu anaongeza.

Asubuhi ilileta tatizo ambalo sikulihesabu Jumamosi. Maandazi ya jirani tunayonunua kila siku yamekandwa kwa tui na kukaangwa kwa mawese, na watu wazima tunakula mawili mawili na chai ya maziwa. Tumeyaacha ya wikendi. Siku za kazi ni uji, au viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye mdalasini. Watoto wanaendelea na maziwa yao kama kawaida. Wanakua, na mradi huu si wao waliopimwa.

Kisha kuna kahawa. Mume wangu hukaa kijiweni jioni na kunywa vikombe kadhaa vya kahawa chungu. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi ina kafestoli, mafuta ya mbegu ya kahawa, ambayo hupandisha LDL kwa mtu anayeinywa sana. Kijiwe ni maongezi yake na rafiki zake na sikutaka kukigusa. Nilimwambia tu ukweli huo. Yeye mwenyewe ameamua kikombe kimoja, kisha kashata na maji. Kashata za karanga, nimemwomba.

Jumapili, 10 Agosti: wiki ilivyokuwa kwa fedha na muda

Mpango ulioandikwa Jumamosi haukufuatwa siku hata moja kama ulivyo, lakini sufuria zilibadilika kweli. Jioni za kazi zilikuwa ugali wa dona na maharage yaliyopondwa, ugali na mchicha wa karanga na choroko, vibua na bamia, kisha supu ya yale maharage magumu yaliyosagwa, ambayo pamoja na karoti, bilinganya na nyanya chungu ilikuwa nzuri kuliko asili yake. Mchana mume wangu alibeba hotpoti: maharage, wali kidogo, mboga nyingi. Siku aliyoisahau alikula kwa mama ntilie, na mafuta yalikuwa yanaelea juu ya mchuzi. Alichofanya ni kuomba maharage yatolewe kwa upawa wenye matundu, na mama ntilie hakuona ajabu.

Fedha: nazi zilishuka kutoka shilingi 15,000 hadi 3,000. Nyama ya ng'ombe kilo moja tuliiacha, 12,000. Maharage na choroko ni 6,800 nje ya yale yaliyoharibika, vibua 15,000, oti 7,500, karanga 4,000. Mafuta ya alizeti ndiyo yaliyouma, lakini lita tano zinatupeleka zaidi ya mwezi. Kwa jumla wiki imetoka karibu sawa na ya zamani, na ingekuwa nafuu kama si hasara ya Jumapili na mafuta ya mchanganyiko.

Gesi tumboni: siku tatu za mwanzo mama alilalamika. Tulimpunguzia nusu, maji ya kulowekea yanamwagwa daima, na siku nyingine anapewa choroko, ambazo hazimsumbui. Sasa anarudi kwenye kiasi cha kawaida.

Mume wangu alitaka kwenda kupima kesho. Nimemzuia. LDL ya mtu mmoja hupanda na kushuka yenyewe kwa asilimia kadhaa kutoka siku hadi siku, kwa hiyo baada ya wiki moja huwezi kujua unachokiona ni chakula au ni mtikisiko wa kawaida. Wiki hii ilikuwa ya kujifunza kupika. Itarudiwa hadi Oktoba.

Jumamosi, 4 Oktoba: majibu

Maabara ileile, saa ileile, akiwa hajala tangu usiku.

```
Agosti:   6.2 − 1.1 − 0.9 = 4.2
Oktoba:   5.5 − 1.1 − 0.7 = 3.7
```

Imeshuka kwa asilimia 12. Uzito umepungua kilo mbili na nusu, ambao nao una sehemu yake, na sina njia ya kutenganisha nini kilifanya kiasi gani. Nikilazimika kukisia nasema nazi na mafuta ya mawese kwanza, oti na maharage baadaye.

Nimelinganisha na ninachokijua. Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake huko Toronto waliwalisha watu chakula kilichopangwa kwa makini: oti, shayiri, kunde, soya, bamia, bilinganya, lozi na siagi maalumu iliyotiwa steroli za mimea, zinazozuia kolesteroli kufyonzwa tumboni. LDL ilishuka zaidi ya robo ndani ya mwezi mmoja, karibu sawa na kidonge walicholinganisha nacho. Lakini chakula kile walipewa kikiwa tayari. Mwaka 2011 kundi hilohilo lilichapisha jaribio ambalo watu walishauriwa tu na kujipikia nyumbani, na kushuka kukawa kama asilimia 13. Sisi tumefika palepale wanapofika watu wanaojipikia.

3.7 bado si 3.0. Daktari ameridhika na mwelekeo, ameongeza miezi mitatu, na amesema wazi kwamba ikisimama hapo ataanzisha dawa na chakula kitaendelea vilevile, kwa kuwa vinafanya kazi pamoja. Mume wangu amekubali hilo bila huzuni.

Kinachofuata jikoni: shayiri nzima badala ya nusu ya wali wa jioni, kama tutaipata kwa bei inayoeleweka huko Kariakoo. Soya za kukaanga badala ya kashata kijiweni. Na tangi dogo la maji ya bomba litakalotengwa kwa ajili ya maharage tu, kwa sababu wiki iliyopita bomba lilikauka tena, na dada alishika ndoo ya kisima kabla mama hajamwita. Kipimo kijacho ni Januari, na nitaandika hapa.